Maneno ya mwisho ya Livingstone: unukuu lipi, uache lipi?

Ndani ya kanisa la Westminster Abbey, London, jiwe linalofunika kaburi la David Livingstone limechongwa maandishi marefu. Sehemu moja inadai kwamba huko Afrika ya Kati, kwa maneno yake ya mwisho, aliandika akiwaombea baraka wote watakaosaidia kuliponya donda la biashara ya watumwa. Ukifungua shajara yake, ukurasa wa mwisho una maneno mengine kabisa, nayo yanahusu mbuzi. Ukifungua kitabu kilichotolewa London mwaka 1874 kutokana na shajara hizo, unakuta kauli ya tatu, ile aliyoisikia mtumishi wake Susi usiku wa kifo chenyewe.

Mwalimu anayeandaa somo, mhariri anayetafuta kichwa cha makala au mtu anayeandika hotuba anajikuta na kauli tatu za mtu mmoja, zote zikiitwa za mwisho. Hapa nazilinganisha kwa vipimo vilevile. Nimeongeza ya nne, anayobandikwa mwandishi Mfaransa Voltaire, kwa sababu kauli iliyotungwa baada ya miaka mingi huonekana vizuri ikiwekwa kando ya zile zenye ushahidi.

Vipimo

Cha kwanza ni nani alisikia, au ni mkono wa nani ulioandika. Haitoshi kuambiwa kwamba "waliokuwepo" walisikia. Tunataka mtu mwenye jina, aliyekuwa ndani ya chumba saa hiyo, tena akiwa macho.

Cha pili ni pengo la muda kati ya kauli kutamkwa na kuwekwa kwenye karatasi. Namna ya kulipata ni kurudi nyuma: unaanza na mahali ulipoikuta kauli, unatafuta andiko lililotangulia, kisha lililotangulia hilo, mpaka ufike kwenye andiko la kale kuliko yote lenye tarehe. Mwaka mmoja ni pengo linalovumilika ikiwa shahidi mwenyewe ndiye anayesimulia. Miaka mia bila andiko lolote katikati haivumiliki.

Cha tatu ni mwili. Mgonjwa aliyeishiwa damu, asiyeweza kusimama, hasemi sentensi ndefu zilizopangwa kama hotuba. Huomba maji, huuliza saa, humtuma mtu.

Cha nne ni haja ya aliyetufikishia kauli. Kama kauli inalibeba jambo alilokuwa akilipigania mhariri, haiwi uongo kwa sababu hiyo, ila inahitaji ushahidi mzito zaidi kuliko kauli isiyomletea mtu faida yoyote.

Kauli ya kwanza: ile ya kaburini

"Ninachoweza kuongeza katika upweke wangu ni hiki: baraka tele za mbinguni zimshukie kila mtu, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kuliponya donda hili la dunia lililo wazi."

*Nani alisikia.* Hapa hatuhitaji msikilizaji, kwa kuwa aliandika mwenyewe. Ni maneno ya kufungia barua aliyoliandikia gazeti la New York Herald, lile lililomtuma Stanley kumtafuta. Kwa hiyo uhalisi wa kauli hauna shaka.

*Pengo la muda.* Hapa ndipo jiwe linapokosea. Shajara ya tarehe 1 Mei 1872 inasema amemaliza barua kwa New York Herald, akijaribu kuwavuta Wamarekani wasaidie kukomesha biashara ya watumwa ya pwani ya mashariki. Alikuwa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Stanley alikuwa ameshaondoka tangu mwezi Machi, naye Livingstone akingoja wapagazi. Alianza safari tena mwezi Agosti na kuishi mpaka mwaka uliofuata. Kati ya barua hiyo na kifo chake kuna mwaka mzima wa kutembea, kuandika na kusema.

*Mwili.* Sentensi ni ndefu, ina mizani, inawapanga mataifa matatu kwa zamu. Ni sentensi ya mtu aliyeketi na kalamu, akijua kwamba itasomwa na maelfu. Mtu wa kufa usiku huo hasemi hivyo, na kweli hakuwa wa kufa usiku huo.

*Haja.* Mhariri wa shajara, Mchungaji Horace Waller, alikuwa rafiki wa Livingstone na mpiganaji dhidi ya biashara ya watumwa. Vita hivyo vilikuwa moto wakati ule: Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa tarehe 5 Juni 1873, na wapiganaji wa Uingereza walitaka shinikizo liendelee. Waller mwenyewe, kwenye tanbihi ya kitabu chake, anaeleza kwamba maneno hayo yalichaguliwa kwa kuwa ilionekana hakuna kingine kingemchora mtu huyo vizuri zaidi, na kwamba baada ya kuchaguliwa ndipo ikagundulika yaliandikwa mwaka mmoja kamili kabla ya kifo. Hakuficha kitu. Jiwe ndilo lililobaki likisema "maneno yake ya mwisho", na wapita njia ni wengi kuliko wasoma tanbihi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kuonyesha Livingstone alipigania nini. Ukiitumia, andika tu kwamba ni ya barua ya Mei 1872, na kila kitu kinakaa sawa.

Kauli ya pili: mstari wa mwisho wa shajara

Tarehe 27 Aprili 1873 aliandika kwamba ameishiwa nguvu kabisa, amebaki pale alipo, anangoja kupona, ametuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa. Kisha: wako kwenye kingo za mto Molilamo. Baada ya hapo kurasa ni tupu.

*Nani alisikia.* Ni mkono wake tena, na daftari lenyewe lilihifadhiwa na wenzake wakalileta pwani pamoja na mwili.

*Pengo la muda.* Hakuna pengo kabisa kati ya tukio na wino. Kati ya wino na kifo kuna siku chache tu.

*Mwili.* Kipimo hiki ndicho kinachoipa kauli hii nguvu kubwa, kwa sababu unaweza kuufuata mwili unavyodhoofika ukurasa kwa ukurasa. Tarehe 21 Aprili anaandika kwamba alijaribu kupanda punda, akalazimika kulala chini, wakambeba na kumrudisha kijijini akiwa hoi. Tarehe 22 anabebwa kwenye kitanda, na neno "kitanda" ameliandika hivyohivyo kwa Kiswahili. Siku nne zinazofuata hazina zaidi ya tarehe na maneno mawili matatu. Halafu unakuja mstari wa tarehe 27, uliokatikakatika. Mtungaji anayetaka kumtukuza shujaa wake hawezi kufikiria kummalizia maisha kwa mbuzi wa maziwa, na hilo nalo ni ushahidi.

*Haja.* Hakuna wa kunufaika na mstari huu. Waller aliuchapisha kwa sababu ulikuwepo.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji kauli isiyopingika, hasa katika kazi ya kitaaluma. Udhaifu wake ni mmoja: ni maneno ya mwisho aliyoyaandika, siyo aliyoyatamka. Ukisema "neno la mwisho kuandika", hakuna wa kukusahihisha.

Kauli ya tatu: alichosikia Susi

Hii inahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa ndiyo pekee ya kitandani hasa, na kwa msomaji wa Kiswahili ina uzito wa pekee.

Tarehe 29 Aprili msafara ulimfikisha kwenye kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kusini mwa ziwa Bangweulu. Hakuweza kutembea hata kufika mlangoni, ikabidi wavunje sehemu ya ukuta wa kibanda alikolala asubuhi ile ili kitanda cha kumbebea kiingizwe. Kesho yake Chitambo mwenyewe alikuja kumjulia hali, akaombwa arudi siku inayofuata. Mchana alimwita Susi amshikie saa ili aitie ufunguo. Usiku kijana Majwara akalala ndani ya kibanda kumwangalia.

Kiasi cha saa tano usiku Susi aliitwa. Kelele zilisikika kwa mbali, naye Livingstone akauliza kama ni watu wao. Susi akajibu kwamba ni wanakijiji wanamfukuza nyati kwenye mashamba yao ya mtama. Baada ya dakika chache Livingstone akauliza kama hapo ni mto Luapula. Susi akamwambia wako kijijini kwa Chitambo. Kisha linakuja swali ambalo kitabu cha Kiingereza kimelichapisha kwa Kiswahili: "Sikun'gapi kuenda Luapula?" Na jibu la Susi: "Na zani zikutatu, Bwana," yaani nadhani ni siku tatu.

Alilalamika kidogo kwa uchungu, akasinzia. Kiasi cha saa moja baadaye, yapata saa sita usiku, Susi aliitwa tena. Akachemsha maji, akaleta sanduku la dawa na kumsogezea mshumaa. Livingstone, kwa shida, akaichagua kalomeli, dawa ya siku hizo iliyotokana na zebaki. Akaagiza kikombe chenye maji kidogo na kingine kitupu viwekwe karibu yake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, dhaifu: sawa, sasa unaweza kutoka. Hakuna aliyemsikia akisema neno lingine.

*Nani alisikia.* Abdullah Susi, aliyekuwa amefuatana na Livingstone kwa miaka mingi. Tunalijua jina lake, tunajua aliitwa na nani, alisimama wapi na alifanya nini kwa mikono yake.

*Pengo la muda.* Mwaka mmoja na zaidi kidogo. Susi na Chuma, mtumishi mwingine wa Livingstone, waliubeba mwili pamoja na wenzao mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baadaye mwaka huohuo walipelekwa Uingereza, wakakaa na Waller huko Twywell, Northamptonshire, wakimsaidia kwa kumsimulia yale ambayo shajara haikuwa nayo. Kitabu kilitoka kabla ya mwaka 1874 kwisha. Mwaka ni muda wa kutosha kusahau saa kamili, na tarehe yenyewe ina utata: kaburi la Westminster linasema 1 Mei, lakini mti uliochongwa kijijini pale, ambao kipande chake kimehifadhiwa London na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, ulikuwa na tarehe 4 Mei. Kwa hiyo hata ule "mwaka mmoja kamili" wa tanbihi ya Waller unasimama tu ukikubali tarehe moja na kuiacha nyingine. Utata wa tarehe, hata hivyo, hauugusi mpangilio wa yaliyotokea ndani ya kibanda.

*Mwili.* Maneno ni mafupi, ya mgonjwa aliyechanganyikiwa kidogo kuhusu mahali alipo, ambaye bado akili yake iko safarini. Amesahau yuko wapi, lakini hajasahau anakwenda wapi.

*Haja.* Ushahidi huu una udhaifu mmoja, nao ni kwamba umetufikia kupitia kalamu ya Waller, na Susi hakutuachia maandishi yake mwenyewe. Hata hivyo, tazama tahajia ya lile swali na jibu lake. Maneno yamegawanywa pasipostahili, "siku tatu" imekuwa "zikutatu". Anayejua Kiswahili asingeandika hivyo, na anayetunga kwa ajili ya Waingereza asingeandika Kiswahili kabisa. Hayo ni maandishi ya mtu anayefuata kwa sikio kile anachotamkiwa. Kwangu mimi hii ni alama ya ukweli yenye nguvu kuliko kiapo, na inaniuma kwamba vitabu vingi vinavyosimulia kifo hiki vimeutafsiri mstari huo na kulifuta jina la aliyeusikia.

*Inamfaa nani.* Anayeandika kuhusu kifo chenyewe, na anayetaka kuonyesha kwamba tunachokijua tumekijua kupitia Waafrika waliokuwa pale. Sharti lake ni kumtaja Susi. Ukiandika "Livingstone alisema" bila kusema nani alisikia, umeiondolea kauli hii kile kinachoifanya iaminike.

Saa nne za kimya

Kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri hakuna aliyesikia chochote. Majwara alilala. Alipoamka akamwendea Susi, akamwambia aje kwa Bwana, anaogopa, hajui kama yu hai. Susi akawaita Chuma na wengine, wakaingia. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kimeegemea mikono juu ya mto, mshumaa umesimamishwa kwa nta yake juu ya sanduku. Mmoja wao akamgusa shavu, limeshapoa.

Waliloliona ni magoti. Kwamba alikuwa akisali ni jinsi walivyolielewa wao na Waller, na huenda walielewa sawasawa, ingawa mgonjwa wa tumbo lenye maumivu makali naye hujiinamia hivyo. Sala yenyewe haikusikiwa. Kwa hiyo ukikutana na simulizi inayokupa maneno ya sala ya mwisho ya Livingstone ndani ya alama za kunukuu, huna haja ya kutafuta sana: hapakuwa na sikio. Kauli za kubuni hupenda kukaa mahali kama hapo, ambapo shahidi alikuwa amelala au ameshatoka, kwa sababu hakuna wa kuzipinga.

Kauli ya nne: ya Voltaire

Inasemwa kwamba Voltaire, akiwa anakata roho, alitakiwa na kasisi amkane shetani, akajibu: "Bwana wee, huu si wakati wa kujitafutia maadui wapya."

*Nani alisikia.* Hatajwi mtu.

*Pengo la muda.* Voltaire alifariki Paris tarehe 30 Mei 1778. Utani wenyewe umepatikana kwenye gazeti la Massachusetts, Marekani, la mwaka 1856, na pale aliyekuwa akifa hakuwa Voltaire. Jina lake lilianza kuambatanishwa nao katika miaka ya 1970, karibu karne mbili baada ya mazishi yake.

*Mwili.* Jibu ni la haraka, lenye ncha, limekamilika. Mgonjwa anaweza kutania, hilo halikatazwi, lakini kauli hii imekaa kama mwisho wa hadithi ya kuchekesha kwa sababu ndivyo ilivyozaliwa.

*Haja.* Inamfaa kila mtu anayemjua Voltaire kama mpinzani wa makasisi. Inafanana naye mno, na kufanana huko ndiko kulikoibeba.

*Inamfaa nani.* Anayesimulia historia ya utani. Anayetaka sauti ya Voltaire mwenyewe ana kitu bora: tarehe 28 Februari 1778, akiwa mgonjwa, alimwandikia katibu wake Wagnière kwamba anakufa akimwabudu Mungu, akiwapenda rafiki zake, bila kuwachukia adui zake, na akichukia ushirikina. Aliishi miezi mitatu zaidi, kwa hiyo hati hiyo inasimama mahali palepale inaposimama barua ya Livingstone: ya kweli, ya mkono wake, lakini siyo ya mwisho.

Uchague ipi

Kama unaandaa somo la historia ya biashara ya watumwa, chukua kauli ya kwanza, uweke mwaka 1872 mbele yake, na uwaonyeshe wanafunzi kwamba jiwe la kaburi nalo ni chanzo kinachohojiwa.

Kama kazi yako itapitiwa na wasimamizi au wahakiki, chukua mstari wa tarehe 27 Aprili. Hautakupa machozi, ila utakupa hati.

Kama unaandika makala, hotuba au tamthilia kuhusu kifo cha Livingstone kijijini kwa Chitambo, chukua usimulizi wa Susi. Una uamuzi wa kufanya hapo: swali la Luapula ndilo lenye hisia, lakini ruhusa ya kutoka ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Ukilitumia la Luapula, sema ni "miongoni mwa maneno yake ya mwisho". Usilisogeze mbele kwa saa moja ili liwe la kufungia, maana kusogeza ni hatua ya kwanza ya kutunga.

Kama umeletewa kauli ya mtu mwingine kabisa, na muda wako ni mfupi, anza na kipimo cha pili. Tafuta kitabu cha kwanza kilichokusanya habari za kifo cha mtu huyo, kilichoandikwa na watu waliofahamiana naye. Kama kauli hiyo haimo, ilhali mwandishi wake alikuwa na kila sababu ya kuiweka, iache nje ya alama za kunukuu. Unaweza bado kuandika walichokiona waliokuwepo: mshumaa, sanduku la dawa, magoti.